Kaka wa Darasa Zima

Insha ya kwanza niliyoisoma ilianza hivi: "Utoro ni hali ya mwanafunzi kutohudhuria shuleni bila sababu ya msingi." Ya pili ilianza hivyohivyo, na ya tatu. Nilipofika katikati ya rundo nilikuwa nasahihisha huku nikitazama dirishani, kwa sababu nilijua sentensi itakayofuata kabla macho hayajaifikia. Baada ya maana ya utoro ilikuja "kwanza kabisa", ikaja "vilevile", ikaja "si hivyo tu bali pia", na mwishoni kabisa serikali ikaombwa itoe elimu kwa jamii.

Nilikuwa nimekaa kwenye chumba kilichojengwa kiwe maabara. Kilikuwa na sinki lakini hakikuwa na maji, wala chupa hata moja, ndiyo maana mkuu wa shule aliniruhusu kusahihishia humo. Ilikuwa miaka ile shule za kata zilipoota kila mahali, nasi tuliotoka chuo kikuu tukamwagwa humo kama mbegu mkononi mwa mtu mwenye haraka. Shule yetu ilikuwa juu ya kilima, upande wa Igamba, imezungukwa na kahawa. Mimi nilipewa Kiswahili cha kidato cha nne. Wanafunzi tisini na kitu, na mtihani wa taifa unakuja.

Walikuwa hawajui kuandika? Hapana, walijua. Mwandiko wao ulikuwa mzuri kuliko wangu. Kilichonikera ni kwamba sikuona mtu yeyote ndani ya karatasi zile. Hawa ni watoto waliokulia kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, wenye ndugu wanaobadilisha kwacha Tunduma, wenye wenzao walioacha shule wakawa mautingo wa malori. Ukiwauliza utoro uwanjani, watakueleza mpaka kengele igonge. Ukiwauliza kwenye karatasi, wanakujibu kama redio.

Nilimuuliza mwalimu wa taaluma, mtu mzima aliyefundisha tangu enzi za chaki ya kugawana vipande.

"Nani aliwafundisha kuanza na maana kila mara?"

"Mimi," alisema, wala hakuona haya. "Na aliyenifundisha mimi alifundishwa hivyo. Una tatizo gani nayo, kijana?"

"Hawafikiri."

Alicheka akifuta miwani kwa ncha ya tai. "Mtihani haupimi kufikiri. Unapima kama hukukosea. Wewe utawaletea vya chuo kikuu, halafu Oktoba nitakuona."

Nilikataa. Wakati ule nilikuwa nakataa vitu vingi, hata vile ambavyo sikuwa na cha kuweka mahali pake. Lakini hapo nilikuwa nacho. Niliandika kipimo cha mistari minne, nikakibandika ukutani darasani kwa ugali, maana gundi hatukuwa nayo. Mstari wa kwanza: je, insha inajibu swali lililoulizwa? Wa pili: je, kila hoja ina maelezo na mfano unaoonekana? Wa tatu: je, kila aya ina hoja moja, na aya zinafuatana? Wa nne: je, lugha, tahajia na vituo viko sawa? Kila mstari una alama tatu. Tatu ni kazi iliyofanyika, mbili ni iliyofanyika nusu, moja ni iliyojaribiwa, sifuri ni ambayo haipo. Jumla kumi na mbili. Mtoto yeyote angeweza kukitumia kumpima mwenzake, na nilitaka wafanye hivyo.

Sikuandika maoni marefu kwenye kila karatasi. Ningeandika nini mara tisini? Pembeni niliweka namba ya mstari wenye kasoro, tena kasoro moja tu, ile kubwa kuliko zote. Kando yangu nilikuwa na karatasi ambayo kila kosa lililojirudia nililipigia kijiti. Nilipomaliza rundo, vijiti vilisema kila kitu. Mstari wa nne haukuwa na shida sana. Wa pili ulikuwa msitu. Karibu darasa zima lilipata moja au sifuri kwenye mfano unaoonekana.

Isipokuwa mmoja. Karibu na chini ya rundo niliikuta aya hii:

"Kaka yangu aliacha shule akiwa darasa la tatu. Sasa anavusha mizigo kwa baiskeli Tunduma. Akija nyumbani hunipa simu yake nimsomee ujumbe. Ninaposoma, yeye hugeukia ukutani ili nisimwone uso."

Nilisimama. Sikumbuki kama nilikwenda dirishani au nilisimama tu pale kwenye sinki. Maneno hayo machache yalikuwa na kila kitu ambacho rundo lote lilikosa. Nilimpa tatu kwenye mstari wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu nifike shule ile nilihisi kazi yangu inaweza kuwa na maana.

Aliyeandika alikuwa msichana wa dawati la nyuma, mkimya, anayejibu akiulizwa tu. Baba yake nilikuwa nimemwona mwanzoni mwa muhula, alipomletea unga. Nyumbani kwao ni mbali, mabonde mawili toka shuleni, kwa hiyo binti alipanga chumba na wenzake karibu na shule, vile vyumba wenyewe wanaviita geto. Baba alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, kofia mkononi, akasema jambo lake bila kuzunguka.

"Mwalimu, huyu nimemwacha huku mpaka matokeo ya moku. Akipata divisheni tatu, atakaa mpaka mtihani wa mwisho. Asipopata, arudi nyumbani. Kahawa haijichumi."

"Moku ni mtihani wa wilaya tu, mzee. Si wa taifa."

"Kwangu ndio huo," alisema. "Siwezi kungoja mpaka mvua za mwaka kesho ndipo nijue kama nilipoteza."

Binti alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo ya unga.

Siku ya kurudisha insha niliingia darasani nikiwa nimejiandaa. Nilianza na kilichokwenda vizuri, kwa sababu kilikuwepo: aya zilikuwa zimetengana, mwandiko unasomeka, swali limejibiwa. Kisha nikawaambia kosa moja kubwa la darasa zima, bila kumtaja mtu. Niliandika ubaoni aya isiyo na mfano, niliyoitunga kutoka kwenye insha zao nyingi, tukaipima pamoja.

"Mstari wa pili tumpe ngapi?"

"Tatu!" walisema wa mbele.

"Mfano uko wapi?"

Kijana mmoja wa katikati, mchekeshaji wa darasa, akasema, "Mwalimu, mfano yuko njiani, gari limeharibika Mlowo." Wakacheka. Hata mimi nilicheka. Tukakubaliana kwa sauti kwamba ni sifuri.

Ndipo nikaandika ubaoni aya ya kaka, bila jina. Niliwauliza inatofautianaje na ile nyingine. Mmoja akasema, "Hii unaiona." Mwingine akasema, "Haijasema elimu ni muhimu, lakini imesema." Nilifurahi kupita kiasi. Niliwaambia kila mtu aandike upya aya yake moja tu, aweke kitu alichokiona kwa macho yake, halafu wabadilishane karatasi na jirani wapimane kwa ule mstari wa pili. Msichana wa nyuma aliinamia daftari lake muda wote. Hakuna aliyejua ni aya ya nani.

Wiki iliyofuata niliwapa swali jingine, juu ya faida za elimu kwa vijana. Niliposahihisha nilimkuta kaka. Alikuwa kwenye insha ya kwanza, akavusha mizigo Tunduma. Alikuwa kwenye ya nne, akageukia ukutani. Wengine walimbadilisha akawa mjomba, mmoja akamfanya binamu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, lakini simu ilikuwa ileile na ukuta uleule. Zaidi ya nusu ya darasa lilikuwa na kaka mmoja.

Niliwarudia, nikawauliza kwa nini.

"Mwalimu, wewe mwenyewe uliiandika ubaoni," alisema msichana wa mbele, akishangaa kwamba naweza kuuliza.

"Niliiandika muione, si muinakili."

"Sasa mwalimu akiandika ubaoni, sisi tufanye nini?"

Swali lilikuwa la kweli. Tangu darasa la kwanza, ubao ulikuwa kitu kimoja kwao. Kinachoandikwa pale kinahamia daftarini, kutoka daftarini kinahamia kichwani, kutoka kichwani kinarudi kwenye karatasi ya mtihani bila kupungukiwa herufi. Hakuna mtu aliyewahi kuandika ubaoni kitu cha kutazamwa tu. Kwa nini waamini kwamba mimi ni wa kwanza?

Nikaanza upya. Niliongeza maneno kwenye mstari wa pili pale ukutani: mfano uwe wako. Niliandika neno kaka ubaoni, nikalifuta kwa mkono mbele yao. Kwenye zoezi lililofuata sikuwaandikia chochote ubaoni, niliwauliza tu kwa mdomo, mmoja mmoja, umeona nini? Wakaanza kutoa. Mmoja aliandika juu ya mama yake anayesaini kwa kidole gumba kwenye kituo cha kununulia kahawa, kisha anafuta wino kwenye kitenge kwa ndani asionekane. Yule mchekeshaji aliandika juu ya dereva wa lori aliyekaa foleni ya mpaka muda mrefu mpaka akaanza kumfundisha Kiingereza cha matusi. Vijiti kwenye karatasi yangu vilipungua. Niliwasomea mistari yao kwa sauti bila kuiandika popote. Nilidhani nimeshinda.

Mwalimu wa taaluma alipita mlangoni, akasimama kusikiliza.

"Vizuri," aliniambia baadaye. "Lakini ukimtisha mtu, anakimbilia nyumbani. Angalia tu nyumbani kwao ni wapi."

Niliona ni maneno ya mtu aliyechoka.

Moku ilifanyika wakati kahawa imeiva. Baada yake, walimu wa masomo waliitwa kusahihisha pamoja kwenye shule moja ya Mlowo. Tuligawana maswali kwa meza. Mimi niliwekwa meza ya ushairi, insha zikaenda meza ya dirishani. Karatasi zilikuwa na namba tu. Nje malori yalikuwa yanapita na mahindi yananunuliwa kwa kelele, ndani tulikuwa tunapiga vema kama watu wanaotwanga.

Kabla ya chakula cha mchana nikasikia kicheko meza ya dirishani. Mwalimu mmoja kutoka Tunduma, mwenye sauti ya mnada, alikuwa ameshika karatasi juu.

"Jamani, huyu kaka ana wadogo wangapi? Nimeshamkuta kwa watoto kumi na bado anavusha mizigo!"

"Na simu yake haizimi chaji," akasema mwenzake.

"Familia moja, kata moja, ukuta mmoja!"

Chumba kizima kikacheka. Swali la insha lilikuwa juu ya elimu na vijana. Hofu iliwashika wanafunzi wangu kwenye chumba cha mtihani, wakakimbilia nyumbani, na nyumbani kwao ilikuwa ile aya. Ilikuwa imeandikwa ubaoni na mwalimu. Ilikuwa imepata tatu. Kulikuwa na kitu gani salama zaidi ya hicho?

Kiongozi wa jopo, mama mmoja makini ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alizikusanya zile karatasi, akazilinganisha, akavua miwani.

"Huu ni udanganyifu. Swali limevuja, au wamenakiliana. Zote sifuri kwenye swali hili."

Nilinyanyuka. "Mama, hazijavuja. Ni wanafunzi wangu. Niliiandika hiyo aya darasani kama mfano."

"Uliwapa majibu?"

"Niliwapa mfano wa kazi nzuri. Ya mwanafunzi mwenzao. Nikawakataza kuinakili."

Yule wa Tunduma alipiga meza kwa furaha. "Aliwaonyesha chapati, akawakataza kula!"

Walicheka tena. Kiongozi hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililoniumiza baadaye, kwamba nilisikilizwa.

"Kwa hiyo mmoja kati ya hawa ni mwenye aya," alisema.

"Ndiyo. Na kaka ni wake kweli."

"Yupi?"

Alizitandaza mbele yangu. Niliujua mwandiko wake, herufi zake zililalia kushoto. Niliiona karatasi mara moja nikaweka kidole. Nilikuwa nimeomba moyoni asiwe ameiandika. Alikuwa ameiandika, lakini kwake aya ilikuwa imekua. Kaka alikuwa ameomba kufundishwa herufi, na ameshajua kuandika jina la mama yao. Hilo halikuwepo kwa mwingine yeyote.

"Tazama," nilisema. "Hii ina mwendelezo. Wengine wameganda palepale."

Alisoma. Alisoma tena. Uso wake ulilegea kidogo, nikapata tumaini.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini mimi nakuamini wewe kwa sababu umesimama hapa. Kwenye mtihani wa taifa hutakuwa umesimama popote. Msahihishaji ataona karatasi zinazofanana, basi. Nikimwacha huyu mmoja, wazazi wa wengine wataniuliza kwa nini, na nitawajibu kwamba mwalimu wao aliutambua mwandiko? Hilo peke yake ni kosa."

Alikuwa sahihi. Nimelitafakari jambo hilo tangu siku ile, na bado nakuta alikuwa sahihi, na kwamba usahihi wake haukumsaidia mtu yeyote. Aliandika sifuri kwa kalamu nyekundu kwenye kila moja, ya msichana ikiwa ya tatu au ya nne. Hakuna aliyepinga. Tukaenda kula wali.

Sifuri ya swali moja haimwangushi mtu peke yake. Lakini insha ilikuwa na alama nyingi, Kiswahili ndicho kilikuwa nguzo ya msichana yule, daraja likashuka, pointi zikasogea. Matokeo yalipobandikwa alikuwa divisheni ya nne. Wa kwanza kabisa kwenye divisheni ya nne, kama mtu aliyechelewa basi akaliona kwa nyuma likiondoka.

Nilimkuta amesimama mbele ya ubao wa matangazo. Nilimuuliza swali ambalo sikupaswa kuuliza.

"Nilisema msiiandike ile aya. Kwa nini uliiandika?"

Alinitazama moja kwa moja, mara ya kwanza.

"Mwalimu, wewe ulisema mfano uwe wako. Ya kwangu ningeiacha, niandike ya nani?"

Baba alikuja siku ya pili yake kuchukua godoro. Nilimkimbilia pale barabarani akilifunga kwenye baiskeli.

"Mzee, hiyo sifuri si yake. Ilitolewa kwa makosa ya wengine. Mwache amalizie, amebakiza muda mfupi."

"Sifuri aliiandika nani?"

"Walimu. Jopo."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Alikaza kamba kwa goti. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka kuelewa tu.

"Karatasi yenu inasema sifuri. Mdomo wako unasema si sifuri. Na wote ni walimu. Mimi nishike kipi, mwalimu?"

Miaka mitatu ya chuo kikuu nilikuwa nimeuliza watu maswali ya namna hiyohiyo, nikiona raha wanaposhindwa kujibu.

"Basi mruhusu hata aje kwa miguu," nilisema.

"Kuja aje. Nyumbani akishamaliza kazi."

Alikuja, siku zingine. Alifika jua limeshapanda, vidole vyeusi kwa utomvu wa kahawa, akikaa nyuma karibu na mlango. Kutoka mabonde mawili huwezi kuwahi kipindi cha kwanza ukiwa umechuma kwanza. Siku zingine hakuja, nami niliita jina lake kwenye mahudhurio, nikaweka alama ya mtoro.

Kipimo changu kilikuwa bado ukutani, ugali umekauka na panya wameanza kula pembe zake. Darasa lilikuwa limerudi kwenye "kwanza kabisa" na "vilevile". Sikuwalaumu. Walikuwa wamejaribu kitu chao wakaitwa wadanganyifu, na waliokaa kwenye maana ya neno hawakuguswa na mtu. Mwalimu wa taaluma hakunicheka. Alinipa tu kipande kirefu cha chaki, ambacho kwake kilikuwa pole.

Zoezi la mwisho kabla ya mtihani wa taifa nililisahihisha kwenye maabara ileile. Ya msichana niliisahihisha kwanza, maana aliwahi kumaliza ili aondoke. Ilianza hivi: "Elimu ni ujuzi au maarifa ayapatayo mtu ndani au nje ya darasa." Ikafuata kwanza kabisa. Ikafuata si hivyo tu bali pia. Nilimtafuta kaka yake kwenye kila aya, nikageuza na ukurasa wa nyuma. Hakuwepo, wala mtu mwingine yeyote.

Swali limejibiwa: tatu. Mpangilio: tatu. Lugha: tatu. Mstari wa pili niliuacha wazi nikatoka nje kumrudishia mwenyewe, alikuwa anafunga kandambili zake kwa uzi kabla ya kuanza safari ya kurudi.

Aliipitia haraka, akitafuta wino mwekundu.

"Hakuna kosa, mwalimu?"

Niliitazama tena insha nzima, kuanzia juu mpaka kwa serikali inayoombwa itoe elimu kwa jamii.

"Hakuna," nilisema.

"Basi nimeelewa," alisema, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni, akateremka bondeni.